Karatasi nne alizoniachia Mwalimu

Leo naziweka kando lugha za programu, niwasimulie habari ya karatasi. Karatasi nne tu, zimechapishwa upande mmoja na kubanwa kwa pini kwenye kona, ambazo mkuu wa idara yetu aliniachia mezani alipokuwa anastaafu. Karatasi hizo ziliokoa kazi ya watu wengi, na pia zilikosa jambo moja ambalo karibu lituangamize. Nataka niyaeleze yote mawili, kwa sababu nimegundua kwamba hakuna aliyewahi kunifundisha jinsi ya kusoma hati ya makabidhiano. Miaka minne chuoni nikisomea sayansi ya tarakilishi, na somo hilo halikuwepo.

Nafanya kazi katika chama cha akiba na mikopo. Jina lake nitalihifadhi. Wanachama wetu wengi ni wakulima wa chai na walimu, na akiba zao, mikopo yao na dhamana zao zote zimo ndani ya hifadhidata moja iliyo kwenye seva moja katika chumba chenye kiyoyozi kinachovuja. Idara yetu ya tarakilishi ina watu wanne. Mkuu wetu tulimwita Mwalimu kwa sababu aliwahi kufundisha hesabu sekondari kabla ya kuingia kwenye mambo haya. Hata akaunti yake kwenye seva iliitwa hivyo hivyo, mwalimu. Alipoamua kustaafu mwishoni mwa Februari mwaka 2025, meneja aliniteua mimi kuwa kaimu. Nina umri wa miaka 28. Nilifurahi kwa siku moja hivi, kisha nikaanza kukosa usingizi.

Basi, wiki mbili kabla ya kuondoka, Mwalimu akaniita ofisini kwake akanipa zile karatasi. Akaniambia, "Kijana wangu, usiniambie umezisoma. Njoo uniulize maswali."

Hati yenyewe ilikuwa na sehemu tatu: kazi zilizobaki, watu wa kuwasiliana nao, na hatari ambazo hazijatatuliwa. Nitazichukua kwa mpangilio huo huo.

Kwanza kazi zilizobaki. Nimewahi kuona orodha za namna hii mahali pengine. Mara nyingi zinaandikwa hivi: "Kuboresha mtandao wa matawi, inaendelea." Neno hilo "inaendelea" halikusaidii kitu. Hujui imeanza jana au mwaka juzi. Mwalimu hakulitumia hata mara moja. Alikuwa na kazi saba, na chini ya kila moja aliandika mistari minne: imefika wapi, hatua inayofuata ni ipi, nani anaisubiri, na kitu gani kisiguswe kwanza. Ile ya tatu ilisomeka hivi:

"Kuhamisha hifadhidata kutoka PostgreSQL 11. Imefika: seva mpya imenunuliwa na imewekwa PostgreSQL 16, haina data bado. Hatua inayofuata: jaribio la kuhamisha, siku ya Jumapili. Anayesubiri: mkaguzi wa nje, aliiandika kwenye ripoti yake. Usianze kabla hujafunga hatari namba 2."

Kwa wasiojua, toleo la 11 la PostgreSQL liliacha kupewa marekebisho ya usalama mwezi wa Novemba 2023, kwa hivyo mkaguzi alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini ninyi uangalieni huo mstari wa mwisho. Unaifunga kazi kwenye hatari. Bila mstari ule ningeirukia kazi ya kuhama mara moja nimfurahishe mkaguzi. Ulinisimamisha, na baadaye mtaona ulinisimamisha mahali gani.

Pili, watu wa kuwasiliana nao. Hapa nilitarajia orodha ya majina na namba za simu, na namba zilikuwepo. Lakini kando ya kila namba alikuwa ameeleza unampigia mtu huyu kwa jambo gani, unapaswa kuwa na nini mkononi unapopiga, na yeye anamtambua nani upande wetu. Kwa kampuni inayotuuzia intaneti, kwa mfano, aliandika kwamba namba ya mteja imebandikwa nyuma ya kabati la mitambo, na kwamba bila namba hiyo utazungushwa asubuhi nzima.

Hilo la "anamtambua nani upande wetu" ndilo lililotupa kazi nyingi kuliko yote. Tulipolipitia pamoja tuligundua kwamba jina la tovuti yetu limesajiliwa kwa anwani ya barua pepe ya Mwalimu mwenyewe, na kwamba ujumbe wenye namba za siri za kuingilia sehemu ya malipo ya simu ulikuwa unakwenda kwenye laini yake. Fikiria. Mtu anastaafu, anwani yake inafungwa, halafu tovuti inafika siku ya kulipiwa na onyo linatumwa kwenye anwani ambayo haipo. Kubadilisha anwani ile kulichukua dakika chache kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu akithibitisha. Laini ya simu ilichukua siku nne, kwani ilihitaji barua yenye muhuri wa chama na saini mbili. Angekuwa ameshaondoka, sijui ingechukua muda gani.

Tatu, hatari. Ziliandikwa tano. Sehemu hii wakuu wengi huiruka kwa sababu inafanana na kukiri makosa. Nani anataka kuandika, siku yake ya mwisho, kwamba kuna jambo alilijua na hakulitengeneza? Mwalimu aliandika. Hatari namba 2 ilikuwa hii:

"Nakala za akiba za hifadhidata hutoka kila usiku saa nane na robo na kupelekwa tawini. Tangu tuanze kutumia seva hii mwaka 2021 sijawahi kuirejesha hata nakala moja. Nimekuwa nikitazama ukubwa wa faili tu. Kwa hivyo sijui kama zinafaa. Dalili: hakuna, na hilo ndilo tatizo. Mwenye hatari hii kuanzia Machi: kaimu."

Nilimuuliza, "Mwalimu, kwa nini hukuzijaribu?" Akacheka kidogo. "Kila wiki kulikuwa na kitu kilichowaka moto. Nakala hazikuwahi kuwaka moto."

Nikaona sawa, nitalifanya mimi. Nikaandika tarehe kwenye daftari langu, katikati ya Machi, mambo yakitulia.

Ijumaa tarehe 28 Februari tulimuaga kwa chai na keki. Jioni, ofisi ya wafanyakazi ikanitumia barua ya kawaida: zima akaunti zote za mfanyakazi aliyeondoka kabla ya mwisho wa siku. Utaratibu mzuri kabisa. Nikaingia kwenye seva nikaandika:

```
sudo usermod -L -e 1 mwalimu
```

Hapa nieleze kidogo. Hiyo `-L` inafunga neno la siri tu. Mwenye akaunti bado anaweza kuingia kwa njia nyingine, kwa mfano kwa ufunguo wa SSH. Ndiyo maana maelezo ya amri yenyewe yanashauri uongeze `-e 1`, ambayo inaiambia seva kwamba akaunti hii muda wake uliisha zamani, mwanzoni mwa mwaka 1970. Hapo mlango unafungwa kikweli. Nilijivuna kwamba nilikumbuka. Nikazima taa nikaenda nyumbani.

Jumatano tarehe 19 Machi nikaifungua hatari namba 2. Mpango ulikuwa mwepesi: chukua nakala ya usiku uliopita, irejeshe kwenye ile seva mpya isiyo na data, tazama kama inasimama. Nikaingia kwenye tarakilishi ya tawini ambako nakala huwekwa, nikaorodhesha faili. Nilitarajia faili 31, moja kwa kila siku. Zilikuwa 12. Ya kwanza ilikuwa ya tarehe 17 Februari, na ya mwisho ya tarehe 28 Februari.

Nilikaa nikiitazama ile tarehe. Nadhani nilijua kabla hata ya kufikiri.

Ndani ya seva za aina hii kuna programu inayoitwa `cron`, ambayo kazi yake ni kuamsha programu nyingine kwa saa ulizopanga. Kila mtumiaji anaweza kuwa na ratiba yake. Nikaiomba inionyeshe ratiba ya akaunti niliyoifunga:

```
sudo crontab -l -u mwalimu
```

Ikawa pale, mstari mmoja: saa nane na robo usiku, toa nakala, ipeleke tawini. Nakala zote za chama zilikuwa zinatoka kwa jina la Mwalimu. Katika kumbukumbu za seva, faili ya `/var/log/auth.log` pamoja na zile za nyuma yake, nikaukuta mstari huu mara 19, mmoja kwa kila usiku:

```
pam_unix(cron:account): account mwalimu has expired (account expired)
```

Maana yake ni kwamba kila usiku `cron` ilifika, ikauliza kama mwenye ratiba bado anaruhusiwa, ikaambiwa muda wake umeisha, ikaondoka. Kazi haikuanza kabisa. Na kwa kuwa haikuanza, haikushindwa. `cron` humtumia mwenye ratiba barua ikiwa programu imetoa maneno yoyote, lakini programu isiyoanza haitoi neno. Hakuna taa nyekundu iliyowaka popote. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba dalili hakuna, na aliandika kweli kuliko alivyojua.

Lakini mbona faili ni 12, na si 31? Hilo ndilo lililonitoa jasho. Tarakilishi ya tawini ilikuwa na ratiba yake yenyewe, kwa akaunti nyingine isiyohusiana na Mwalimu, ya kufuta kila asubuhi saa kumi na moja faili zilizopita siku 30, ili diski isijae. Ratiba hiyo ilikuwa nzima. Iliendelea kufuta moja kila siku, kwa uaminifu mkubwa, huku hakuna mpya inayoingia. Nikahesabu kwa vidole. Ile ya mwisho ya tarehe 28 Februari ingefutwa alfajiri ya tarehe 31 Machi. Baada ya hapo ghala lingekuwa tupu, na diski ya seva kuu ingekuwa ndiyo nakala pekee ya akiba ya maisha ya watu wale. Na sisi tungekuwa tunafunga hesabu za robo mwaka siku hiyo hiyo.

Kabla ya kitu kingine chochote nilisimamisha kufuta kule tawini. Naomba mlizingatie hilo: usikimbilie kutengeneza, zuia kwanza kinachoharibu. Kisha nikatoa nakala kwa mkono kwa akaunti yangu, nikaisafirisha tawini, nikahakikisha imefika. Hapo ndipo nilipompigia Mwalimu.

"Habari za shamba, Mwalimu?"

"Njema kijana wangu. Sauti yako si nzuri."

Nikamweleza. Kukawa kimya, nikasikia kuku nyuma yake. Kisha akasema, "Ile niliiweka usiku mmoja mwaka 2021, tulipohamia seva ile. Nilikuwa nimechoka. Nikaiweka kwa akaunti yangu nikasema kesho nitaihamishia mahali pake. Kesho ikawa kama ulivyoona." Akaongeza, "Hata nilipoandika hati sikukumbuka. Kwangu mimi ilikuwa inafanyika tu."

Hilo neno lake, "inafanyika tu", nimelifikiria sana. Hati ya makabidhiano huandikwa kutoka kichwani. Huorodhesha mambo ambayo anayeondoka anajua kwamba anayafanya. Lakini kuna aina nyingine ya mambo: yale yanayofanyika kwa sababu yeye yupo, bila yeye kunyoosha mkono. Ufunguo wake, jina lake, laini yake, ruhusa yake. Hayo hayamjii akilini anapoandika, kama vile mtu hawezi kukuandikia orodha ya pumzi zake.

Mchana nilikwenda kwa meneja nikamweleza mwenyewe. Nilimwambia kwamba amri iliyozima nakala niliiandika mimi. Alinitazama juu ya miwani yake. "Sasa tuko salama?"

"Tuna nakala ya leo," nikamjibu. "Kama inafaa, nitajua nikiirejesha."

Kulikuwa na njia ya mkato. Ningeweza kuifungua tena akaunti ya Mwalimu, na kila kitu kingerudi usiku ule ule. Sikuitaka, kwa sababu chama kingeendelea kutegemea jina la mtu aliyekwenda zake, na mrithi wangu angekuja kufanya kosa langu. Nikatengeneza akaunti mpya isiyo ya mtu, nikaiita nakala. Nikaipa ufunguo wake mwenyewe wa kuingilia tawini, nikaipa ruhusa ya kusoma hifadhidata, nikahamisha programu ndogo ya Mwalimu kutoka kwenye folda yake ya nyumbani hadi mahali pa wote. Nikatafuta pia kila faili nyingine iliyokuwa kwa jina lake nje ya folda ile:

```
sudo find / -xdev -user mwalimu -not -path '/home/mwalimu/*'
```

Zilitoka chache, nyingi takataka, isipokuwa moja iliyotumiwa na ripoti ya kila mwisho wa mwezi. Ile nayo ingetukwamisha tarehe 31.

Asubuhi ya tarehe 20 nakala ya usiku ilikuwepo. Nikaanza kuirejesha kwenye seva mpya. Na hapa ndipo hatari namba 2 ilipojithibitisha, maana baada ya dakika chache yakaanza kutoka makosa ya namna hii:

```
ERROR:  role "ripoti" does not exist
```

Amri ya `pg_dump` hutoa nakala ya hifadhidata moja: majedwali yake, data yake, na maelezo ya nani anaruhusiwa nini. Lakini watumiaji wenyewe wa PostgreSQL hawamo ndani ya hifadhidata yoyote. Wako juu ya hifadhidata zote, na `pg_dump` haiwagusi. Kwa hivyo nakala zetu za miaka yote zilikuwa na kauli ya "mruhusu ripoti asome jedwali hili" bila kuwa na huyo ripoti. Data yote ilikuwepo, lakini tungeirejesha siku ya msiba, programu za chama zingegonga mlango na kukataliwa, nasi tungekuwa tunakumbuka ruhusa za kila mmoja kwa kukisia. Dawa yake ni mstari mmoja zaidi katika programu ya usiku, unaoendeshwa kwa ruhusa ya superuser wa PostgreSQL:

```
pg_dumpall --globals-only > watumiaji.sql
```

Nikarudia jaribio nikianza na faili hiyo. Safari hii ilichukua dakika 47 na haikutoa kosa. Lakini kutotoa kosa si ushahidi wa kutosha. Nilimwomba mama wa uhasibu ripoti ya jumla ya akiba aliyoichapisha wakati wa kufunga hesabu za tarehe 19. Tukakaa wawili, yeye na karatasi yake, mimi na seva mpya. Nikajumlisha salio la akaunti zote. Namba zikalingana hadi senti ya mwisho. Mama akakunja karatasi akasema, "Sasa nikalale." Nikagundua kwamba hata yeye alikuwa amesikia.

Kuhusu ule ufutaji wa tawini, niliurudisha, ila kwa sharti. Sasa haufuti chochote kama hakuna nakala mpya ya saa 26 zilizopita, na badala yake unapiga kelele:

```
if find /nakala -name '*.dump' -mmin -1560 | grep -q .; then
  find /nakala -name '*.dump' -mtime +30 -delete
else
  echo "Hakuna nakala mpya. Sifuti kitu."
fi
```

Ujumbe huo `cron` huutuma kwa barua pepe kwa watu watatu, wala hakuna kati yao anayepokea kwa anwani ya kumbukumbu ya mtu aliyestaafu. Nimechagua saa 26 na si 24 kwa sababu usiku mwingine nakala huchelewa kidogo, na kengele inayolia bure watu huacha kuisikiliza.

Sasa nirudi kwenye karatasi. Nikijiuliza hati ya Mwalimu ilikuwa nzuri au mbaya, jibu langu ni kwamba ilikuwa nzuri sana, na ndiyo iliyotuokoa. Kama asingekiri kwamba hajawahi kurejesha nakala, nisingekwenda kutazama tarehe 19. Kama asingeifunga kazi ya kuhama kwenye hatari ile, ningeiacha hadi Aprili. Kasoro haikuwa katika maandishi. Kasoro ilikuwa kwamba tuliijaribu baada ya yeye kuondoka, kwa mshangao, badala ya kuijaribu akiwa bado yuko.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, mwenzetu anayeshughulikia mitandao ya matawi alipata kazi kwingine akatoa taarifa ya mwezi mmoja. Safari hii tulifanya tofauti. Aliandika hati yake kwa mfano wa Mwalimu, ila kila mstari ukaongezewa swali moja: hii inaendeshwa kwa jina la nani? Halafu, siku kumi kabla ya kuondoka, siku ya Jumanne asubuhi, tukaifunga akaunti yake kana kwamba ameshakwenda. Yeye akaketi chumba cha mikutano akinywa chai, amekatazwa kugusa kitu, anaruhusiwa kujibu maswali tu. Saa nne, tawi moja likapiga simu kwamba mashine ya kuchapisha risiti haiwaki. Ilikuwa inatumia neno lake la siri. Mchana kikaibuka kitu cha pili. Ijumaa tukaona hakuna jipya linalovunjika. Siku ile alipoondoka kikweli, hakuna aliyeona tofauti.

Jaribio hilo lina mpaka wake, na ni vizuri niuseme. Siku nne hukuonyesha kazi za kila siku na za kila wiki. Halikuonyeshi kinachotokea mara moja kwa mwaka: kulipia jina la tovuti, kuongeza muda wa leseni, programu ya kukokotoa gawio la mwisho wa mwaka. Kwa hayo tulitumia njia nyingine ambayo alinifundisha mama wa uhasibu bila kukusudia. Tulichukua daftari lake la malipo ya miezi 12 iliyopita, tukapitia kila kampuni iliyolipwa na idara yetu, tukaliweka kando ya orodha ya watu wa kuwasiliana nao. Kampuni moja ililipwa kila mwezi wa Novemba na haikuwa kwenye orodha. Ndiyo inayotutumia jumbe fupi za kuwakumbusha wanachama mikopo yao. Kila mtu alidhani mwingine anawajua.

Mimi bado ni kaimu, na siendi popote. Hata hivyo nina hati yangu ya makabidhiano, nimeianza. Huifungua Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, nikiwa na kikombe cha chai, na huuliza lile swali la jina la nani kwenye kila mstari. Mwezi uliopita nilikuta kazi moja inayoendeshwa kwa akaunti yangu. Niliiweka usiku mmoja nikiwa nimechoka, nikasema kesho nitaihamisha.

Nimeihamisha. Nawe msomaji, kama una akaunti kwenye seva ya kazini, andika `crontab -l` leo kabla hujafunga ofisi, usome kilichomo. Tukijaliwa, wiki ijayo nitarudi kwenye lugha za programu.